Saa Inayojitetea

Salamabila, kusini mwa Maniema, mtu anayewapangia wengine miadi huwa na saa tatu mkononi. Ya kwanza ni ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa kunapokucha. Hiyo ndiyo saa ya sokoni, ya nyumbani, ya wachimbaji wa dhahabu na ya vijana wa pikipiki wanaopeleka abiria Kasongo. Ya pili ni ya Kifaransa, saa ya serikali na ya shule, inayokwenda kutoka sifuri hadi ishirini na tatu bila kutaja asubuhi wala jioni. Ya tatu ni ya Kiingereza, inayoikata siku vipande viwili vya saa kumi na mbili kuanzia usiku wa manane. Hii ilizoeleka zaidi kwa sababu ya mgodi wa Namoya, ulioendeshwa na Banro, kampuni ya Kanada. Mgodi ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na kazi ikasimamishwa Septemba 2019. Kampuni ilisimama, lakini barua za Kiingereza hazikukoma, kwa kuwa mashirika, wanunuzi na wageni wanaendelea kuziandika.

Katikati ya saa hizo tatu hukaa mtu mmoja. Mara ni mkalimani, mara ni mlinzi wa lango, mara ni mpwa wa shefu aliyewahi kusoma Uganda. Ninayemfikiria mimi ni mama mmoja mwenye biro ndogo ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Watu wengi humwita Yaya, kwa kuwa wengi ni wadogo zake kwa umri. Watu humletea randevu zao, yaani miadi, naye huzigeuza kuwa mesaje ya Kiingereza, au hupokea mesaje ya Kiingereza na kumwambia mtu aende saa ngapi. Nimekaa pembeni ya meza yake mara nyingi nikimtazama. Kwa mbali kazi yake inaonekana ni kuongeza sita au kutoa sita, na mtoto wa shule angeiweza. Ukimtazama kwa muda unaona kwamba hesabu ni sehemu ndogo kabisa ya anachokifanya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kwa sababu ya jua la kwao. Salamabila iko nyuzi nne hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama robo saa kabla ya saa kumi na mbili. Mwezi wa Julai huchomoza kama dakika ishirini baada yake. Mchezo wote wa mwaka ni huo, kama nusu saa tu, na hakuna anayeigusa saa yake kwa ajili ya nusu saa. Saa kumi na mbili asubuhi inabaki palepale mwezi wowote, na umbali kati ya hesabu ya Kiswahili na ya Kizungu ni saa sita kamili, siku zote. Toronto, ambako jua la Desemba huchomoza karibu saa mbili asubuhi na la Juni kabla ya saa kumi na mbili, watu hawangeweza kuhesabu hivi hata kama wangetaka.

Sita ina uzuri wake. Katika duara la namba kumi na mbili, ukienda sita mbele au ukirudi sita nyuma unafika mahali pamoja. Kwa hiyo huhitaji kujiuliza kama ni kuongeza au kutoa. Juu ya meza ya Yaya kuna saa ya ukutani ya mishale, naye humwonyesha mteja kwa kalamu: mshale mfupi ukiwa kwenye nane, tazama namba iliyo upande wa pili, ni mbili. Tisa na tatu zinatazamana, kumi na nne zinatazamana. Zamani mtu mwenye saa ya mkononi aliliona jambo hili bila kufundishwa. Simu imeliondoa, kwa sababu inaonyesha tarakimu tupu, `14:00`, na tarakimu hazina upande wa pili. Hata ukiiweka simu kwa Kiswahili, inabadilisha maneno tu na kuiacha saa vilevile ilivyokuwa.

Kwa saa ya Kifaransa njia ni nyingine kidogo, na Yaya huipenda kuliko zote kwa kuwa haina mashaka. Kuanzia saba hadi kumi na nane unatoa sita, na kilichobaki ni saa ya mchana. Kuanzia kumi na tisa kwenda juu unatoa kumi na nane, na kilichobaki ni saa ya usiku. Baada ya usiku wa manane unaongeza sita. Kwa hiyo `14:00` ni saa nane mchana, `20:00` ni saa mbili usiku, na `04:00` ni saa kumi alfajiri. Hata anapoandika Kiingereza, Yaya hutumia tarakimu za mtindo huo, na mbele yake huweka sifuri ikiwa namba ya saa haifiki kumi. Hiyo `08:00` yenye sifuri, ananiambia, haiwezi kudhaniwa kuwa ni ya usiku, na mtu aliyezoea saa ya Kiswahili akiiona anajua mara moja kwamba imeandikwa kwa mkono wa Kizungu.

Hapo ndipo unapoanza ufundi wenyewe. Kwa midomo, watu wa Salamabila hawachanganyikiwi sana, japo huchanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja. Mtu akisema atafika saa fulani, na akaitaja namba kwa Kifaransa, kila mtu anajua anahesabu Kifaransa. Akiitaja kwa Kiswahili, anahesabu kuanzia kunapokucha. Lugha ya namba ndiyo inayobeba habari ya ni saa ipi, na sikio linaipokea bila hata kuitafakari. Lakini mtu huyohuyo akichukua simu na kuandika `saa 8`, ile lugha ya namba imepotea. Tarakimu haina lugha. Msomaji hajui kama mwandishi kichwani mwake alitamka nane au alitamka kwa Kifaransa, na kati ya maana hizo mbili kuna saa sita.

Ndiyo maana Yaya ana sharti moja ambalo sijamwona akilivunja ila kwa adhuhuri. Katika mesaje ya Kiswahili, saa huandikwa kwa herufi: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Katika mesaje ya Kiingereza, saa huandikwa kwa tarakimu nne. Mteja akimletea karatasi iliyoandikwa `saa 8`, haigeuzi. Anamgeukia na kumwomba aisome kwa sauti. Mteja anasoma, na anapoisoma inambidi achague lugha, na akishachagua lugha ameshajibu swali. Mara ya kwanza sikuelewa kwa nini anawasomesha watu karatasi zao wenyewe. Nilidhani macho yake yamechoka.

Nieleze randevu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana aliyetumwa na shefu anaingia, anasalimia, anasema: «Yaya, waambie wale wageni, shefu atawapokea siku ya tano, saa tatu kasorobo.» Yaya haandiki bado. Anauliza: «Ya asubuhi, mdogo wangu?» Kijana anashangaa kidogo, kwani nani anapokewa na shefu usiku, lakini anajibu ndiyo, asubuhi. Sasa anashughulika na kasorobo. Haigeuzi saa tatu kwanza. Anairudisha kasorobo katika mwendo wa kwenda mbele: saa tatu kasorobo ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Kisha anaziacha dakika, kwa sababu dakika ni zilezile katika saa zote tatu, na anageuza ile mbili peke yake kuwa nane. Ni nane na dakika arobaini na tano. Anayegeuza tatu kuwa tisa na kisha akasahau kwamba kasoro inarudi nyuma huandika tisa na dakika arobaini na tano. Kosa hilo la saa moja ni baya kwa namna yake, kwa kuwa ni dogo kiasi kwamba kila mmoja humlaumu mwenzake kwa kuchelewa, na hakuna anayefikiria kuichunguza mesaje.

Bado siku. Huko wengi huhesabu siku kuanzia baada ya siku ya Mungu: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano, halafu siku ya posho. Siku ya tano kwao ni Ijumaa. Aliyekulia Dar es Salaam au Kigoma akiisikia tano atakumbuka Jumatano, na atakuja siku mbili kabla. Yaya huikata shaka hiyo kwa kutazama kalenda na kuweka tarehe. Mesaje inatoka hivi:

```
Friday 14 June, 08:45 in the morning,
Salamabila time.
```

Ndani ya mistari hiyo saa imetajwa mara mbili, kwa sifuri ya mbele na kwa neno la asubuhi, na siku imetajwa mara mbili, kwa jina na kwa tarehe. Mtu mmoja aliwahi kumwambia kwamba anapoteza maneno. Yaya alimjibu kwa upole kwamba neno la pili liko pale ili likosane na la kwanza endapo moja limekosewa. Tarehe 14 isipokuwa Ijumaa, msomaji atauliza. Asipouliza ataandika mwenyewe katika kitabu chake, na hapo pia ataona haziendani.

Jambo lililonifanya nimheshimu zaidi nililielewa polepole. Kosa la kuchanganya saa hizi ni la saa sita daima, na ungetegemea kwamba kosa kubwa hivyo lingejionyesha lenyewe. Pikipiki inayoondoka saa kumi na moja alfajiri haiwezi kuandikwa inaondoka saa tano asubuhi bila mtu kuguna. Lakini randevu za ofisini huangukia saa chache tu za siku, na katika saa hizo namba zinazotazamana zote zinafaa. Saa mbili asubuhi ikikosewa inakuwa saa nane mchana, na zote mbili ni saa za kazi. Saa tatu asubuhi inakuwa saa tisa mchana, saa nne inakuwa saa kumi. Ukutane na daktari saa tatu asubuhi au saa tisa mchana, zote zinaingia akilini. Kosa halina sauti. Kila upande unasoma, unaona ni saa ya kawaida ya kukutana, na unaridhika.

Tena makosa haya hayaumizi sawasawa. Randevu ya kweli ikiwa asubuhi, aliyekosea atafika mchana, amechelewa saa sita, na daktari amekwishaondoka au gari limekwenda. Randevu ya kweli ikiwa mchana, aliyekosea atafika asubuhi, saa sita kabla. Atakaa kwenye benchi, ataudhika, pengine atapoteza siku ya kazi shambani, lakini ataonwa. Haijalishi kosa lilianzia kwenye Kiingereza au kwenye Kiswahili, mambo huwa hivyohivyo: kosa la asubuhi hupoteza randevu, kosa la mchana humchosha mtu tu.

Kwa hiyo Yaya akiachiwa kuchagua saa, haichagui ovyo. Kwa mgonjwa anayetoka mbali, ambaye ni mara yake ya kwanza kuandikiwa barua ya Kiingereza, huomba mchana, ili kosa likitokea limlete mapema. Na ikiwa mkutano hauwezi kusubiri mchana, huomba saa tano asubuhi. Nilimuuliza kwa nini saa tano tu, kila mara. Alinyoosha kalamu kwenye saa ya ukutani. Upande wa pili wa kumi na moja ni tano. Mtu akikosea atadhani ni saa kumi na moja, na saa kumi na moja ya jioni biro zimeshafungwa, ya alfajiri hazijafunguliwa. Atauliza. Saa tano asubuhi ni saa inayojitetea yenyewe, wakati saa tatu inakubali kuburutwa kokote. Sijui kama kuna kitabu kilichoandika jambo hili. Yeye amelipata kwa kutazama ni watu gani waliokaa kwenye benchi na ni wepi waliokosa.

Adhuhuri ingeonekana kuwa bora zaidi, kwani upande wake wa pili ni kumi na mbili za mapambazuko au za magharibi, ambazo hakuna anayezikubali kwa mkutano. Kwa midomo ni kweli. Kwa maandishi Yaya huiepuka. Tarakimu `12:00` ikimfikia mtu wa Kiswahili humwambia saa kumi na mbili, na wapo wanaoamka gizani na kufika mlangoni jua likichomoza. Tena `12 am` na `12 pm` huwababaisha Waingereza wenyewe. Ikimlazimu, huandika neno la Kiingereza la adhuhuri bila tarakimu yoyote, na kwa Kiswahili husema baada ya swala ya adhuhuri, kwa kuwa Kasongo na njia yote ya kuja Salamabila kuna Waislamu tangu siku za misafara ya Tippu Tip, na hata wasiosali wanajua swala hiyo iko wapi katika siku.

Mesaje zinazoingia zina ufundi wake, hasa zile zilizoandikwa kwa Kiswahili na wageni waliojifunza juzi. Mgeni hujua maneno kabla ya kujua saa. Anaandika: tuonane saa nane asubuhi. Yaya akiona hivyo hutabasamu, kwa sababu kosa limejitaja. Asubuhi haina saa nane. Asubuhi ina saa moja hadi saa tano, mchana una saa sita hadi saa tisa, jioni ina saa kumi hadi kumi na mbili. Neno la kipindi likigombana na namba, maana yake ni kwamba mwandishi ameleta namba ya Kizungu bila kuigeuza, na alikusudia saa mbili. Vivyo hivyo mtu akiandika saa mbili mchana, alikusudia saa nane. Bado Yaya humwuliza, lakini anauliza akijua jibu, na huliweka swali kwa namna ambayo mgeni hawezi kulijibu kwa ndiyo ya haraka: kabla ya chakula cha mchana, au baada?

Kinga hiyo hufanya kazi mchana. Usiku haipo. Saa tatu usiku ipo, ni tisa ya Kizungu. Na tatu ya Kizungu, yaani saa tisa, nayo ni usiku. Mgeni akiandika saa tatu usiku, neno na namba zinapatana vizuri sana, na huwezi kujua kama ameigeuza au la. Usiku hauna pa kushika. Kwa bahati randevu za usiku ni chache, lakini zilizopo ni nzito: mgonjwa anayehamishwa, gari linalotakiwa kuondoka kabla ya mvua, simu ya mtoto aliye ng'ambo. Hizo Yaya hazichapi mpaka amesikia sauti ya mtu. Hupiga simu.

Na usiku una tatizo la pili, la tarehe. Kwa watu wa Kiswahili, siku mpya huja na mapambazuko. Saa nane usiku bado ni mali ya siku iliyotangulia, na mtu akisema siku ya ine saa nane usiku, anafikiria Alhamisi aliyoishi, iliyokunjwa na usiku wake. Kwa Mwingereza tarehe imeshageuka saa sita usiku, na saa hiyo kwake ni Ijumaa, tena huiita asubuhi. Geuza saa bila kugeuza siku, na gari litakuja usiku mmoja kabla. Waislamu wazee wana hesabu ya tatu, kwani kwao siku huingia magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Yaya anaukata mzizi wa shaka hizi zote kwa maneno ya kale, usiku wa kuamkia, ambayo yanataja siku ya mbele na siyo ya nyuma: usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane. Upande wa Kiingereza anaweka tarehe zote mbili, kwamba ni usiku kati ya Alhamisi tarehe 13 na Ijumaa tarehe 14, saa `02:00` ya tarehe 14.

Baada ya hapo kuna swali la saa ya nani. Maniema hufuata saa ileile ya Lubumbashi, saa mbili mbele ya Grinichi. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Afrika Kusini, walikotoka mafundi wengi wa migodi, saa ni ileile ya Salamabila, na Bujumbura pia. Lakini vuka ziwa uende Kigoma, ambako watu wanahesabu kuanzia kunapokucha kama sisi na wanasema saa tatu kwa neno lilelile, na saa tatu yao ni saa mbili ya Salamabila. Hiyo huwakamata wafanyabiashara, kwa kuwa wakizungumza Kiswahili na Kiswahili hawaoni kwamba kuna cha kugeuza.

Katika miji yote hiyo, Toronto ndiyo iliyomfundisha Yaya uangalifu wa juu kabisa. Banro ilikuwa na makao yake Toronto, na kuna kitu cha ajabu kati ya mji huo na Salamabila. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Toronto huwa nyuma ya Salamabila kwa saa sita kamili. Saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya Kizungu kwa sita. Kwa hiyo, kwa karibu miezi minane, namba inayoonyeshwa na saa ya Toronto ni namba ileile anayoitamka mtu wa Salamabila kwa Kiswahili. Simu iliyopangwa `8:00 am` ya Toronto huita Salamabila saa nane mchana. Nane kwa nane.

Hapo namba zinapopatana ndipo hatari inapofichika. Mtu asiyejua lolote, asiyegeuza mji wala hesabu, anasoma nane, anakuja saa nane, na amepatia. Mwenzake mwenye kujua nusu anageuza mji, anapata mbili ya mchana ya Kizungu, anaiandika `2:00`, na anayepokea anafika saa mbili asubuhi. Wa tatu anageuza hesabu tu na kusahau mji, naye pia anafika saa mbili asubuhi, wakati huko Toronto ni saa nane usiku na watu wamelala. Waliofanya kazi nusu wanakosea, na aliyeacha kazi yote anapatia. Yule aliyepatia anaondoka na somo baya, kwamba namba ya Kiingereza haina haja ya kugeuzwa. Wiki ijayo anapata barua ya Kiingereza kutoka Kindu, imeandikwa `08:00`, anakwenda saa nane mchana, na biro ilimngoja tangu saa mbili. Yaya hufanya hatua zote mbili kila mara, kwenye karatasi, mji kwanza na hesabu baadaye, hata anapojua fika kwamba atarudi kwenye namba aliyoanzia.

Novemba ikifika, maelewano hayo huvunjika. Chukua mwaka 2016. Tuseme kuna simu ya kila Alhamisi, imewekwa `8:00 am` ya Toronto. Alhamisi ya tarehe 3 Novemba iliita saa nane mchana. Jumapili ya tarehe 6 Toronto ilirudisha saa nyuma, umbali ukawa saa saba, na Alhamisi ya tarehe 10 simu ileile ikawa saa tisa. Salamabila hakuna aliyegusa saa, jua halikusogea, na hakuna barua mpya iliyotoka. Kwa hiyo kwenye kalenda ya ukutani Yaya huzungushia siku hizo mbili kalamu nyekundu mwaka unapoanza, ile ya Machi na ile ya Novemba. Kila moja ikikaribia, huwauliza watu wa Kiingereza swali moja: mkutano umefungwa kwenye saa ya kwenu au ya kwetu? Wakisema ya kwao, ni Salamabila itakayosogea. Wakisema ya kwetu, ni wao watakaosogea, na wanapaswa kulijua hilo kwa maandishi.

Kisha siku ya posho, kabla ya Jumapili yenyewe, mesaje zinatoka. Ya Kiingereza ina tarehe, tarakimu nne, na majina ya miji yote miwili na saa ya kila mmoja. Ya Kiswahili huenda kwa watu wake wote, hata wale ambao kwa miezi minane hawakulazimika kugeuza chochote: «Ndugu zangu, kuanzia siku ya ine, tarehe kumi, simu ya Toronto itakuwa saa tisa mchana, si saa nane tena. Aliyepata mesaje hii anijibu kwa kuandika saa kwa herufi.» Majibu yanapoingia huyasoma moja moja. Aliyejibu kwa tarakimu humpigia simu.